Sindano ya Mwewe: kufupisha hadithi bila kuangusha funzo

*Nafundisha darasa la pili huku Tukuyu. Hadithi ya Kuku na Mwewe niliyonayo ina sentensi 20 na inawashinda wanafunzi wangu, kwa hiyo niliifupisha hivi: "Kuku aliazima sindano kwa Mwewe. Sindano ilipotea. Kuku aliitafuta sana. Hadi leo kuku huchakura ardhi." Waliisoma bila shida. Nilipouliza inatufundisha nini, mmoja akasema inatuambia kwa nini kuku wanachakura, mwingine akasema tusiazimane vitu. Kutunza cha mtu hakuna aliyekutaja. Nimekosea wapi, na niifupishe vipi?*

Mwalimu, wanafunzi wako wamejibu sawasawa na kilichoandikwa. Katika sentensi zako nne hakuna mahali Kuku anapokosa. Sindano "ilipotea", kana kwamba iliamka ikaondoka yenyewe. Kitenzi hicho hakina mkosaji ndani yake, na pasipo kosa mtoto hana cha kujifunza kuhusu mwenendo wa Kuku. Anabaki na jambo moja la uhakika, lile la mwisho kuhusu kuchakura, na hilo ndilo alilokupa.

Yule aliyesema tusiazimane naye ana sababu yake. Neno "azima" hutumika pande zote mbili: mtu huazima kalamu kwa mwenzake, na mwenzake huyo huombwa, "Niazime kalamu." Anayetoa na anayepokea wanaitwa kwa kitenzi kilekile. Mtoto anayeongea Kinyakyusa nyumbani na ambaye Kiswahili bado anakijenga shuleni anaweza kusoma sentensi yako ya kwanza bila kujua kwa hakika nani alikuwa na sindano. Alichokiona ni kwamba kitu kiliazimwa, kikapotea, balaa likaja. Akahitimisha kwamba kuazimana ndilo kosa.

Kwa hiyo tuanze na hadithi ndefu, tuone funzo limekaa wapi kabla ya kukata chochote. Hadithi hii inasimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki, wengine wakisema sindano na wengine wembe. Hapa chini nimeiandika kwa urefu kama wa kwako, sentensi 20, nikazipa namba ili tuweze kuzitaja.

1. Zamani za kale Kuku na Mwewe walikuwa marafiki, wakiishi jirani kando ya mto.
2. Mto huo ulikuwa na maji baridi na maua mazuri ya kila rangi.
3. Kuku alikuwa na vifaranga sita aliowapenda kuliko kitu chochote.
4. Siku moja mvua kubwa ilinyesha usiku kucha.
5. Asubuhi Kuku akakuta blanketi alilokuwa akiwafunikia vifaranga limechanika.
6. Alimwendea Bata kuomba sindano, lakini Bata hakuwa nayo.
7. Akamwendea Kanga, naye Kanga akasema yake imevunjika.
8. Mwishowe akaenda kwa Mwewe, akaazima sindano yake.
9. Mwewe aliipenda sana sindano hiyo kwa sababu aliachiwa na bibi yake.
10. Hata hivyo alimpa, akamwambia aitunze na amrudishie kesho yake asubuhi.
11. Kuku aliahidi kwamba angefanya hivyo.
12. Alirudi nyumbani akashona mpaka jua likazama.
13. Alipomaliza aliona punje za mahindi zimemwagika uani, akaiacha sindano chini na kukimbilia kuzila pamoja na vifaranga wake.
14. Walikula, wakacheza, wakalala.
15. Asubuhi Mwewe alipofika kudai chake, Kuku hakujua sindano ilipo.
16. Aliitafuta uani, akaitafuta jikoni, akaitafuta hata kwenye majani ya migomba.
17. Mwewe alimvumilia siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.
18. Siku ya nne uvumilivu ukamwisha, akasema kuwa angekuwa akichukua kifaranga mmoja mmoja mpaka atakaporudishiwa sindano yake.
19. Kuku alilia, lakini hakuwa na la kumjibu.
20. Ndiyo maana hadi leo kuku huchakura ardhi, na mwewe hunyakua vifaranga.

Kabla hujashika kalamu ya kufuta, andika funzo lako pembeni kwa sentensi moja yenye "kwa sababu" katikati. Usiandike "tutunze vitu vya watu", maana hiyo ni amri na haikuonyeshi ukate wapi. Andika: "Kuku alipoteza vifaranga kwa sababu hakutunza sindano ya Mwewe." Sasa funzo lina vipande vitatu vinavyoonekana: kitu ni cha mwingine, Kuku hakukitunza, Kuku aliumia. Kila kipande lazima kiwe na sentensi yake katika hadithi fupi. Kimoja kikikosekana, mtoto atakijaza kwa kubuni, na atabuni anachokijua tayari.

Hadithi hii inaweza kubeba zaidi ya funzo moja. Kuna kutimiza ahadi (11), kuna kuwa mvumilivu kama Mwewe (17), kuna kutotanguliza tumbo (13). Katika usimulizi mrefu yote hukaa pamoja bila kugombana. Katika sentensi kumi na mbili, urefu tutakaofikia, hayatoshi. Wewe umetaja kutunza cha mtu, kwa hiyo hilo ndilo tunalolilinda, na hayo mengine yabaki au yaondoke kulingana na yanavyolisaidia.

Sasa pita sentensi kwa sentensi. Funika moja kwa kidole, soma zilizobaki, kisha ujiulize: "Kwa nini Kuku alipoteza vifaranga?" Jibu lisipobadilika, sentensi hiyo inaweza kuondoka. Funika ya 2: hakuna kilichobadilika, mto na maua viende. Ya 4 nayo iende, mvua ilileta tundu kwenye blanketi na tundu halina deni na mtu. Bata na Kanga (6, 7) ni utamu wa msimuliaji. Mtoto anayesikiliza hufurahia kukataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa mara ya tatu. Kwa mtoto anayesoma silabi kwa silabi ni majina mawili zaidi ya kukumbuka, ya ndege ambao hawatarudi tena. Waondoe kwenye maandishi, uwaache kwenye mdomo wako siku unapoisimulia. Ya 14 na ya 19 pia zinaondoka bila kuacha pengo.

Ukifika ya 9 na ya 10 nenda polepole. Bibi aliyeacha sindano anaweza kwenda, lakini kitendo cha Mwewe kutoa sindano kwa hiari lazima kibaki. Watoto wa Rungwe, kama wa Njombe au Mufindi, wanamjua mwewe kabla hawajajua kusoma: ndiye anayefanya watu wakimbie uani wakipiga kelele na kurusha mawe. Wanaingia kwenye hadithi wakiwa wameshamhukumu. Ukifuta mahali alipotenda wema, atakuwa mnyang'anyi tangu mwanzo, na wanafunzi watakuambia hadithi inafundisha kwamba mwewe ni mbaya. Sentensi fupi moja inayoonyesha mkono wake ukitoa inatosha kuzuia hilo.

Kisha ya 13. Hii ndiyo uliyoipoteza. Imejificha katikati ya sentensi ndefu kuliko zote, maneno 17, na nusu yake ya kwanza inahusu mahindi. Maneno matatu tu, "akaiacha sindano chini", ndiyo yanayobeba kosa lote la Kuku. Anayefupisha akiwa na haraka huona punje, uani na vifaranga wakikimbilia chakula, akasema haya ni mapambo, akayafuta pamoja na kosa lenyewe. Kisha, ili hadithi iendelee, anaandika "sindano ilipotea". Hadithi za wanyama hufanya hivi mara nyingi: kosa huwa tendo dogo la sekunde moja, lililofunikwa na jambo linalovutia macho zaidi. Ukiifunika ya 13 na kuuliza kwa nini Kuku aliumia, utabaki na "kwa sababu Mwewe alikasirika". Hilo si funzo ulilolitafuta. Sentensi inayobadilisha jibu namna hiyo ndiyo nguzo, na hiyo haiguswi mpaka kosa lililo ndani yake umelipa sentensi ya peke yake.

Ya 20 inadanganya kwa upande wa pili. Inakaa mwishoni, ina "ndiyo maana", inasikika kama funzo, kwa hiyo kila anayefupisha huihifadhi. Lakini inaeleza tabia ya ndege, haielezi mwenendo wa mtu. Hadithi ikiwa ndefu haina madhara. Hadithi ikiwa na sentensi nne inakuwa robo ya hadithi nzima, tena robo ya mwisho, ile inayobaki kichwani. Si lazima uifute. Ifunge tu kwenye sindano: badala ya "kuku huchakura ardhi", andika kwamba Kuku bado anatafuta sindano. Mtoto atakayemwona kuku wa nyumbani akichakura atakumbuka kilichoachwa chini.

Hapo umemaliza kuchagua. Hadithi fupi ninayopendekeza ni hii:

Kuku alitaka kushona nguo.
Hakuwa na sindano, akaenda kwa Mwewe.
"Naomba sindano yako, nitarudisha kesho," alisema Kuku.
Mwewe akampa Kuku sindano.
Kuku alishona, akamaliza.
Akaona mahindi uani.
Kuku aliacha sindano chini, akaenda kula.
Kesho yake Mwewe alikuja.
Kuku alitafuta sindano, hakupata.
"Hukutunza sindano yangu," alisema Mwewe.
"Kwa hiyo nitachukua kifaranga wako."
Hadi leo Kuku anatafuta sindano.

Sentensi 12, maneno 56. Ile ndefu ina maneno 186. Sentensi ndefu kuliko zote sasa ina maneno 7. Lakini usiishie kuhesabu maneno, kwa sababu Kiswahili hakipimiki vizuri kwa idadi ya maneno peke yake. Herufi zetu husomeka kama zilivyoandikwa, kwa hiyo ugumu hauko kwenye tahajia. Uko kwenye urefu wa neno. "Atakaporudishiwa" ni neno moja lenye silabi nane, na ndani yake mna mtenda, wakati, "po" ya wakati jambo linapotokea, tendo la kurudisha, na kauli ya kutendewa. Mtoto akifika "shiwa" ameshasahau "ataka". "Akiwafunikia" lina silabi saba. Katika toleo la sentensi 12 hakuna neno lililozidi silabi tano, na hicho ndicho kipimo ninachokupa kwa darasa la pili: ukiona silabi sita, livunje neno au ulibadilishe.

Namna rahisi ya kuvunja ni kutoa kiambishi kinachowakilisha kitu na kukitaja kitu chenyewe. "Akaiacha" likawa "aliacha sindano". Hapa kuna mtego mdogo wa sauti pia. Irabu ileile ikifuatana mara mbili, kama katika "aliiacha" au "akaacha", mtoto humeza moja: anasoma "aliacha" na "akacha". Katika la kwanza hasara ni ndogo, katika la pili neno limepotea kabisa. Ndiyo sababu kwenye sentensi ya 7 ya hadithi fupi nimeandika "aliacha", ambalo halina irabu pacha. "Hakuiona" nalo lina irabu tatu mfululizo, "u-i-o". "Hakupata" linasema jambo lilelile na kila silabi ina konsonanti yake. "Blanketi" nimelitoa kwa sababu ya "bl" mwanzoni, konsonanti mbili ambazo maneno mengi ya Kiswahili hayaziweki pamoja. "Nguo" inatosha.

Jambo la pili ni nani anamfanyia nani. Soma tena: "Hata hivyo alimpa, akamwambia aitunze na amrudishie." Msomaji mzoefu anaona wahusika wawili bila shida. Lakini Kuku na Mwewe wote ni wa ngeli moja, wote ni "a-" wakitenda na "-m-" wakitendewa. Katika maneno hayo "a-" ya kwanza ni Mwewe, na "a-" ya "aitunze" ni Kuku, na hakuna alama inayoonyesha kwamba tumebadilisha mtu. Mtoto akichanganya hapo, sindano inabadilisha mwenyewe, na funzo linapinduka: Mwewe ndiye atakayekuwa amepewa. Kwa hiyo rudia majina. "Mwewe akampa Kuku sindano" ina majina yote mawili na kitu chenyewe, maneno manne, na haiwezi kusomeka vibaya. Masikio ya mtu mzima yatasema kurudia "Kuku" na "sindano" kunachosha. Masikio ya mtoto wa miaka minane hayalalamiki, na jina linalorudi anakutana nalo kama rafiki; mara ya tatu hasomi tena silabi, analitambua zima.

Kwa sababu hiyohiyo nimebadilisha maneno ya kuripotiwa kuwa maneno ya mdomoni. "Akamwambia amrudishie kesho yake" linahitaji mtoto ashike watu wawili na siku mbili kichwani. "Naomba sindano yako, nitarudisha kesho" linahitaji mtu mmoja tu anayesema sasa. Limeondoa pia neno "azima" lenye pande mbili, na limebeba ahadi (ile ya 11 katika hadithi ndefu) bila kutumia neno "aliahidi". Na kuna "yako": silabi mbili zinazosema sindano ni ya nani. Ukikuta umeikata "yako" au "yangu" ili kupunguza neno, irudishe. Kipande cha kwanza cha funzo, kitu cha mwingine, kinasimama juu ya hizo.

Utaona nimeiacha "-ka-" mahali pengi. Wapo wanaoshauri kuitoa kwenye maandishi ya watoto na kuweka "-li-" kila mahali. Sikubaliani nao. Watoto wanaisikia "-ka-" tangu wakiwa mgongoni, ndiyo inayosukuma hadithi, na inaokoa "halafu" na "kisha" nyingi. Shida yake ni moja: "-ka-" inasema jambo hili lilifuata lile, haisemi jambo hili lilisababishwa na lile. Ukivunja sentensi ndefu kuwa fupi, viunganishi vya sababu ndivyo vinavyoanguka kwanza, na zinabaki "-ka-" tupu zikiwa zimepangwa kama shanga: akala, akalala, akatafuta, akalia. Kila kitu kina uzito mmoja. Kwa hiyo weka kiunganishi cha sababu mahali pamoja tu, pale kosa linapokutana na matokeo. Katika hadithi yetu ni "Kwa hiyo" ya Mwewe. Ukiweka nne, hakuna itakayosikika.

Angalia pia sentensi ya 7 ya hadithi fupi. Kabla yake kuna "akaenda", "akampa", "akamaliza", "akaona". Kisha ghafla: "Kuku aliacha sindano chini." Jina limerudi na "-li-" imerudi. Mtoto hajui kwa nini, ila sauti imesimama kidogo pale, na macho yake yamesimama nayo. Ukisoma kwa sauti darasani, simama hapo kwa pumzi moja.

Kuhusu kuandika "Funzo:" chini ya hadithi, nashauri usiandike. Mtoto wa darasa la pili atakariri mstari huo na kukurudishia neno kwa neno bila kuugusa mwenendo wa Kuku. Nimeweka kosa kinywani mwa Mwewe, "Hukutunza sindano yangu", kwa sababu huyo ndiye mwenye haki ya kulisema na kwa sababu linasemwa ndani ya tukio. Hapo mtoto anapata neno "kutunza" akiwa ameliona likivunjwa sentensi tatu tu kabla yake.

Kabla ya kuipeleka kwa darasa zima, ijaribu kwa watoto watano: wawili wanaosoma vizuri, wawili wa kati, mmoja anayehangaika. Kila mmoja asome peke yake, mwenzake asisikie. Weka alama kwenye nakala yako kila wanapokwama. Wakikwama watatu kwenye neno moja, neno ndilo lenye kosa, libadilishe. Akikwama mmoja, ni wa kumsaidia yeye. Kisha uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: Sindano ilikuwa ya nani? Kwa nini Kuku hakuipata? Kuku angefanya nini alipomaliza kushona? Usianze na "inatufundisha nini", swali hilo ni la mwisho na linawafanya watoto wakisie unachotaka kusikia. Swali la tatu ndilo linalopima funzo. Anayejibu "angeiweka mahali pazuri" au "angempelekea Mwewe kwanza" amelishika, hata kama neno "kutunza" halijui.

Majibu mabaya nayo yatakuonyesha pa kurekebisha. Wakisema sindano ilikuwa ya Kuku, rudi kwenye sentensi ya 3 na ya 4 za hadithi fupi, majina yamepungua. Wakisema hakuipata kwa sababu Mwewe aliichukua, au kwamba ilipotea tu, sentensi ya 7 haijaonekana, itenge zaidi. Wakimhurumia Kuku na kumlaani Mwewe, angalia kama sentensi ya 4 bado ipo. Mtoto akinyamaza kwenye swali la pili, mwache ajibu kwa Kinyakyusa. Akieleza vizuri, hadithi iko sawa na kinachokosekana ni Kiswahili cha kujibia. Akishindwa hata kwa lugha ya nyumbani, hadithi yenyewe haijafika.

Kwa darasa la kwanza unaweza kushuka hadi sentensi sita: "Kuku aliomba sindano. Mwewe akampa. Kuku aliacha sindano chini. Sindano ikapotea. Mwewe akachukua kifaranga. Hadi leo Kuku anatafuta." Ona kwamba "ikapotea" sasa haina madhara, kwa sababu inafuata moja kwa moja tendo la kuacha chini. Hapo tofauti na ya kwako ni hiyo sentensi moja tu iliyotangulia. Lakini ahadi imekufa hapo, na wema wa Mwewe umebaki maneno mawili, kwa hiyo isomwe baada ya kuisimulia ndefu kwa mdomo. Chini ya sita nisingeshuka, kipande kimoja kati ya vile vitatu kitaondoka.

Njia hii ina mpaka wake, na utaugonga ukijaribu hadithi za Sungura. Katika hadithi ya hila, funzo mara nyingi limo katika kile Sungura anachojua na mwenzake hakijui. Ukiifupisha mpaka yakabaki matendo tu, Sungura anadanganya, anapata chakula, hadithi inaisha, na mtoto anajifunza kwamba kudanganya kunalipa. Huko lazima uhifadhi sentensi inayosema mwenzake alikuwa na uchoyo au alimwonea kwanza. Ikiwa hadithi haina sentensi ya namna hiyo, usiifupishe kwa wasomaji wachanga, isimulie.

Ukitaka kuwapa hadithi ya Kuku kama kitabu kidogo, karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili, ikakatwa na kutumika pande zote, inatoa kurasa 8. Jalada mbele, maswali matatu nyuma, na kurasa 6 za hadithi. Gawa sentensi hivi: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, kisha ya 7 peke yake, halafu 8 na 9, mwisho 10 hadi 12. Kwenye ukurasa wa ile ya 7 mchore Kuku akiwa ameinamia mahindi, na sindano nyuma yake, kubwa kuliko ilivyo kawaida, ili mtoto aione kabla Kuku hajaikumbuka.